Nilivyoiomba benki inipunguzie riba ya mkopo wa nyumba (na mtego wa "rejesho dogo" ulionikuta mezani)

Leo naliacha kidogo suala la mzigo na wateja wa "bei gani dada?", tuongelee deni. Najua humu tupo wengi tuliochukua mkopo wa nyumba au kiwanja huku tunauza onlaini, na kila mwezi tunalipa kimya kimya kwa riba ileile ya siku ya kusaini kana kwamba imeandikwa mbinguni. Mimi nililipa hivyo miaka 3. Halafu nikaomba ipunguzwe, na ikapunguzwa. Ngoja nikueleze ilivyokwenda, pamoja na sehemu ambayo nusura niingie choo cha kike na mimi ni mwanamke.

Mimi nauza mashuka na mapazia, Instagram na WhatsApp, sina fremu. Nyumba ipo Kivule, vyumba viwili na sebule, chumba kimoja ndio stoo. Nilikopa shilingi milioni 40, riba asilimia 19 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, miaka 10. Rejesho la mwezi lilikuwa 746,700. Kumbuka hizi ni namba za mkopo wangu, zako zitakuwa nyingine, ila hesabu inakwenda njia ileile.

Kilichoniamsha ni taarifa ya mkopo niliyoiomba tawini baada ya miezi 36. Nilikuwa nimeshalipa karibu milioni 26.9. Nikategemea deni limebaki milioni kama 15 hivi. Salio lilisomeka milioni 34.556. Nikamuuliza yule kaka wa dirishani kama kuna makosa. Akacheka, akasema, "Dada, miaka ya mwanzo unalipa riba. Nyumba unaanza kuilipa baadaye." Na ndivyo ilivyo. Kwenye rejesho langu la kwanza kabisa, riba peke yake ilikula 633,000 na deni likapungua 113,000 tu. Kadiri salio linavyoshuka ndivyo sehemu ya riba inavyopungua. Kwa hiyo punguzo la riba lina faida kubwa ukiliomba mapema, salio likiwa bado nene. Mtu aliyebakiza mwaka mmoja na nusu asijisumbue, riba karibu yote ameshalipa.

Sasa, kwa nini benki ikukubalie? Siku ya kwanza ulipokopa, benki haikukujua. Muuza mashuka wa mtandaoni, hana mwajiri, pesa inaingia kwa simu, mwezi huu milioni 3, mwezi ujao laki 9. Ule woga wao waliugeuza namba wakauweka ndani ya riba. Baada ya miaka 3 ya kulipa, woga ule hauna tena msingi, ila hakuna mtu benki atakayeamka asubuhi akasema tumpunguzie huyu. Mpaka uombe. Pia soma mkataba wako. Wangu ulikuwa na kifungu kinachosema benki inaweza kubadilisha riba kwa kutoa taarifa. Wengi wetu tukikiona tunaogopa kitapanda, lakini kifungu hichohicho ndicho mlango wa kushuka. Kama mkataba wako unasema riba ni ya kudumu muda wote, bado unaweza kuomba, ila hapo unaomba mkataba urekebishwe, na inachukua muda zaidi.

Watu huniuliza kuhusu riba ya Benki Kuu. Ni kweli, tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania inatangaza riba yake, na Julai 2025 iliishusha kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Lakini hiyo haiteremki moja kwa moja mpaka kwenye mkopo wako wa Kivule. Itaje kwenye mazungumzo ukipenda, ila usiitegemee. Kinachokubeba ni rekodi yako.

Na hapo kwenye rekodi nisikilize vizuri. Mimi nilikuwa naapa sijawahi kuchelewa hata siku moja. Bahati nzuri, kabla ya kuandika barua nilikaa na ile taarifa ya mkopo, nikapitia tarehe moja moja. Rejesho langu linakatwa tarehe 5. Katika marejesho 36, matatu yalisomeka yamelipwa siku 1 au 2 baadaye. Nilishangaa, kwa sababu pesa nilituma tarehe 5 ileile. Kumbe mara zote tatu nilihamisha kutoka kwenye simu usiku, baada ya kukusanya malipo ya wateja, na mfumo wa mkopo ulikuwa umeshajaribu kukata asubuhi ukakuta akaunti haitoshi. Kwangu nimelipa leo, kwao nimechelewa. Fikiria ningeandika "sijawahi kuchelewa" halafu afisa mikopo afungue kompyuta aone matatu. Barua yote ingepoteza uzito palepale.

Kwa hiyo nikafanya mambo mawili. Kwanza nikaahirisha ombi kwa miezi 4, nikawa naweka pesa ya rejesho tarehe 2, siyo tarehe 5. Nilitaka mtu akitazama miezi ya karibuni aone usafi. (Namba nitakazokupa nimeziacha kwenye salio la mwezi wa 36 ili tusichanganyikiwe, tofauti ni ndogo.) Pili nikaomba ripoti yangu ya taarifa za mikopo kutoka taasisi zenye leseni ya Benki Kuu, mfano Creditinfo. Humo nikakuta kimkopo cha simu cha elfu 28 nilichokisahau, kinasomeka hakijalipwa. Elfu 28! Nikalipa, nikasubiri mpaka kikasomeka kimefungwa. Benki lazima itaiangalia ripoti hii, heri uione wewe kwanza.

Kuna neno moja la kuliepuka kama ukoma. Usiandike kwamba unaomba mkopo wako "upangwe upya". Kwa lugha ya benki hilo ni ombi la mtu aliyeshindwa kulipa, anayetaka apewe nafuu. Linaweza kuingia kwenye rekodi yako kama mkopo wenye matatizo, na badala ya kusifiwa unaanza kufuatiliwa. Kama kweli umekwama, hiyo ndiyo njia yako na uende mapema kabla hujarundika marejesho. Lakini kama unalipa vizuri, wewe unaomba "kupunguziwa kiwango cha riba kutokana na rekodi nzuri ya marejesho". Hayo ni maombi mawili tofauti, yanakwenda meza tofauti.

Barua yangu ilikuwa fupi, ukurasa mmoja. Naiweka hapa, badilisha namba uweke zako:

"Kwa Meneja wa Tawi. YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA KIWANGO CHA RIBA YA MKOPO WA NYUMBA. Mimi ni mteja wenu mwenye mkopo tajwa hapo juu wa shilingi 40,000,000 kwa riba ya asilimia 19. Nimelipa marejesho yote bila kuacha hata moja. Marejesho matatu yaliingia siku 1 hadi 2 baada ya tarehe kwa sababu ya muda wa kuhamisha pesa kutoka kwenye simu, na tangu hapo nimebadilisha utaratibu na kulipa kabla ya tarehe. Naomba kiwango cha riba kishushwe hadi asilimia 16 kwa muda uliobaki, bila kuongeza muda wa mkopo. Naambatanisha taarifa ya mkopo, taarifa ya akaunti na ya namba ya malipo ya biashara kwa miezi 12, na ripoti ya taarifa za mikopo. Naomba majibu kwa maandishi."

Angalia maneno mawili humo. "Bila kuongeza muda wa mkopo" utaona umuhimu wake sasa hivi. Na "asilimia 16", nimetaja namba. Ukiandika "naomba mnifikirie" watakufikiria mpaka mwakani.

Barua nilipeleka nakala mbili, moja nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Afisa mikopo alikuwa muungwana lakini aliniambia ukweli: "Dada yangu, mimi sina mamlaka ya kushusha hata nusu asilimia. Inapanda makao makuu, kamati ndiyo inaamua. Nipe kitu cha kuwaonyesha." Kitu cha kuwaonyesha, nikaja kuelewa, ni ushahidi kwamba unaweza kuondoka.

Basi nikaenda benki nyingine kuuliza kama wananunua mikopo ya nyumba. Maana yake benki ya pili inalipa deni lako lote kwa benki ya kwanza, hati yako inahamia kwao, na wewe unaanza kuwalipa wao. Walinipa barua ya ofa ya awali: asilimia 16 kwa miezi 84 iliyobaki, rejesho 686,400. Karibu elfu 60 chini ya rejesho langu kila mwezi, ukizidisha kwa miezi 84 ni kama milioni 5.07. Nikatoka pale nikiwa na furaha, nikampigia mume wangu nikamwambia tunahama.

Yeye akauliza swali moja tu: "Kuhama ni bure?"

Si bure. Nikakaa chini na kalamu. Mkataba wangu wa zamani ulikuwa na tozo ya asilimia 3 ya salio ukimaliza mkopo kabla ya muda, hiyo ni 1,036,700. Benki mpya inachukua ada ya mkopo asilimia 1.5, yaani 518,300. Mthamini lazima aje tena kupima nyumba, laki 4 na nusu. Mwanasheria, kuifuta rehani ya zamani kwa Msajili wa Hati na kusajili mpya, laki 4. Jumla milioni 2.4 na ushee, karibu zote zinatoka mfukoni kabla hujaona hata senti ya faida. Ukigawa milioni 2.4 kwa ile elfu 60 ya mwezi unapata miezi 40. Yaani zaidi ya miaka 3 nafidia gharama tu, na faida halisi mpaka mwisho wa mkopo ni kama milioni 2.6. Siyo mbaya, lakini siyo ile milioni 5 niliyotoka nayo benki nikitabasamu.

Hata hivyo ile barua ya ofa ilifanya kazi yake. Ili benki nyingine ikununue, inahitaji barua kutoka benki yako inayoonyesha kiasi kamili cha kumaliza deni. Nikaenda kuiomba barua hiyo tawini, pamoja na nakala ya ofa. Kwa wiki 5 ombi langu lilikuwa limelala, simu hazipokelewi. Siku mbili baada ya kuomba barua ya kumaliza deni nikapigiwa na meneja mwenyewe. "Mama, kabla hujafika mbali, njoo tuongee."

Sasa huu ndio mtego. Nilipofika, meneja aligeuza kompyuta nione. "Tumekushusha mpaka asilimia 17. Na tumekurahisishia zaidi, rejesho lako sasa ni 600,600." Jamani, kutoka 746,700 hadi 600,600! Karibu laki na nusu kila mwezi, hiyo kwangu ni mzigo wa mashuka. Nilishashika kalamu. Ila macho yakashuka kwenye mstari wa chini: muda wa mkopo, miezi 120. Wamenirudisha mwanzo. Miaka 3 niliyolipa ni kama haikuwepo, naanza tena miaka 10.

Nikaomba dakika tano, nikatoka nje na simu. Ukizidisha 600,600 kwa miezi 120 unapata milioni 72. Mkopo wangu wa zamani, na riba yake ya 19 ninayoilalamikia, ulikuwa umebakiza miezi 84 ya 746,700, jumla milioni 62.7. Riba imeshuka, rejesho limeshuka, na mimi ningelipa zaidi ya milioni 9 juu. Sidhani meneja alikusudia kuniumiza, wengi wanaokwenda pale wanataka rejesho dogo na yeye alinipa kinachoombwa kila siku. Ndiyo maana ile sentensi ya "bila kuongeza muda" iwepo kwenye barua. Nilirudi ndani nikamwonyesha kwenye nakala yangu yenye muhuri, na mazungumzo yakabadilika.

Hesabu hii usisubiri ufanyiwe na benki. Fungua Google Sheets kwenye simu, andika hivi kwenye kisanduku kimoja:

```
=PMT(17%/12, 84, -34556000)
```

Ya kwanza ni riba ya mwaka ukiigawa kwa miezi 12, ya pili ni miezi iliyobaki, ya tatu ni salio lenye alama ya kutoa mbele. Itakupa rejesho la mwezi, kama 706,200. Kisha zidisha na miezi uone jumla. Badilisha 84 iwe 120 utauona mtego wenyewe. Formula hii ni ya riba kwenye salio linalopungua. Kama mkopo wako ni wa riba inayohesabiwa kwenye kiasi ulichokopa mwanzo hata kama umeshalipa nusu, namba hazitafanana, na kwako ombi la kwanza lingekuwa kuhamishiwa kwenye salio linalopungua.

Kwa asilimia 17 na miezi yangu 84, ningelipa 706,200, nafuu ya elfu 40 kwa mwezi, jumla kama milioni 3.4. Gharama yao ilikuwa laki 1 na nusu tu ya kuandaa nyongeza ya mkataba, kwa sababu hati haiondoki, mthamini haji, rehani inabaki ilivyo. Kwa hiyo kubaki kwa 17 kulinilipa kuliko kuhama kwa 16. Hili watu wengi hawaamini mpaka waone hesabu. Kwa salio langu, ili kuhama kufikie faida ya kubaki, benki mpya ingebidi ishuke chini ya 16 tena.

Halafu nikafanya jambo moja zaidi. Rejesho la zamani nilishalizoea, miaka 3 nimelimudu. Nikaomba badala ya kupunguza rejesho, wapunguze miezi. Wakaweka miezi 76, rejesho 745,500. Kila mwezi natoa karibu kilekile, lakini nitamaliza miezi 8 mapema, na nafuu inapanda kutoka milioni 3.4 hadi milioni 6 hivi, kabla ya ile laki na nusu. Sisemi kila mtu afanye hivi. Kama Januari na Februari kwako ni ukame na unakopa kulipa rejesho, chukua rejesho dogo la miezi 84 ulale usingizi, kisha mwezi wa sikukuu ukiuza vizuri ongeza. Ila ukiongeza, andika barua au ujaze fomu kwamba pesa hiyo ipunguze deni, na ujue kwanza kama ile tozo ya kulipa mapema inagusa malipo ya nyongeza. Ukiweka tu kwenye akaunti itakaa hapo ikisubiri rejesho la mwezi ujao, deni halipungui hata shilingi.

Muda wote huo, kama wiki 7 kutoka barua hadi kusaini, niliendelea kulipa rejesho la zamani kwa tarehe yake. Namjua mtu aliyeacha kulipa akisema "wanaibadilisha hiyo". Kamati ilipokaa, mkopo wake ulikuwa na mwezi mmoja nyuma, na ombi lilikuwa la rekodi nzuri.

Baada ya kusaini nyongeza ya mkataba nilidai ratiba mpya ya marejesho iliyochapwa, yenye miezi 76 na salio la kila mwezi. Mwezi wa kwanza wakakata 746,700 ileile ya zamani, mfumo ulikuwa haujabadilishwa. Nilirudi na ratiba mkononi, wakarekebisha siku hiyohiyo, na ile tofauti ya 1,200 nikasimamia mpaka ikaingia kwenye deni.